Biti Tatu Tatu: Jinsi ya Kuzidisha kwa Nusu ya Mistari

Ndani ya prosesa hakuna jedwali la kuzidisha. Kuna sifuri na moja tu, na kwa namba za aina hiyo kuzidisha kwenyewe ni kazi ndogo: ukikuta 1 unaandika namba yako kama ilivyo, ukikuta 0 unaandika sifuri, kisha unasogea nafasi moja kushoto na kurudia. Ni njia ileile ya kuzidisha kwa mistari tuliyofundishwa shule ya msingi, isipokuwa hapa hakuna cha kukariri.

Kazi nzito huja baadaye, kwenye kujumlisha. Kila biti ya namba inayozidisha, yaani kizidishi, huzaa mstari wake. Tuiite mistari hiyo mazao ya sehemu. Kizidishi cha biti 8 huzaa mistari 8, cha biti 64 huzaa mistari 64, na yote lazima ijumlishwe ili kupata jibu moja. Saketi ya kuzidisha ni, kwa sehemu kubwa, rundo la vijumlishi. Anayetaka kuifanya iwe ndogo au iende kasi huanza kwa kujiuliza kama mistari yote hiyo inahitajika.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuchukua biti mbili mbili badala ya moja moja. Biti mbili hutoa tarakimu 0, 1, 2 au 3, na kila jozi huzaa mstari mmoja, kwa hiyo mistari inabaki nusu. Kuzidisha kwa 0 ni bure. Kuzidisha kwa 1 ni bure. Kuzidisha kwa 2 nako ni bure, kwa sababu katika namba za biti ni kusogeza kila kitu nafasi moja kushoto, na kwenye saketi hiyo ni suala la nyaya kuunganishwa pembeni kidogo. Linalokwama ni 3. Ili kupata mara tatu ya namba, lazima ujumlishe namba hiyo na mara mbili yake. Huko ni kujumlisha kamili, pamoja na tarakimu za kuchukua zinazosafiri kutoka biti ya kwanza hadi ya mwisho, kabla hata kazi yenyewe haijaanza.

Mnunuzi anayedaiwa shilingi mia tatu, na mfukoni ana noti ya mia tano, hatafuti sarafu tatu za mia. Anatoa noti na kudai chenji. Tatu nayo inaweza kulipwa hivyo: ni nne kasoro moja. Ile nne haina uzito wowote hapa, kwa kuwa jozi ya biti inayofuata upande wa kushoto huhesabiwa kwa nne. Unaandika -1 kwenye jozi yako na kuiongezea jozi ya kushoto 1. Mara tatu imeondoka, na kilichobaki ni kutoa namba mara moja, jambo ambalo saketi hulifanya kwa urahisi.

Hata hivyo, ukiishia hapo umehamisha tatizo, hujalitatua. Tuseme jozi ya kushoto ilikuwa na 2. Sasa imepokea 1, imekuwa 3, nayo lazima iandike -1 na kuipasia jirani yake 1. Jirani akiwa na 2 au 3, naye hivyohivyo. Jozi ya mwisho haiwezi kujua tarakimu yake mpaka jozi zote za kulia zimalize hesabu zao, na foleni uliyoikimbia imerudi kwa mlango mwingine.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika somo hili, na ni ndogo kiasi kwamba ni rahisi kuipita bila kuiona. Usibadilishe 3 peke yake. Badilisha na 2 pia, ingawa 2 haikuwa na kosa lolote. Andika 2 kama -2 na umpasie jirani 1. Andika 3 kama -1 na umpasie jirani 1. Sifuri na moja ziache zilivyo, bila kumpasia mtu kitu.

Tazama kilichotokea. Tarakimu 2 na 3 ndizo ambazo biti yake ya juu, ile ya kushoto katika jozi, ni 1. Kwa hiyo swali la kama jozi inapasa 1 au haipasi linajibiwa na biti yake ya juu peke yake. Halitegemei kabisa kile jozi ilichopokea kutoka kulia. Na kama ni hivyo, jozi yoyote ikitaka kujua itapokea nini, haina haja ya kusubiri: inachungulia biti ya juu ya jirani wa kulia, ambayo ipo tangu mwanzo, imeandikwa ndani ya kizidishi chenyewe.

Hapo ndipo biti ya tatu inapopata kazi. Kila kundi linasoma biti zake mbili, pamoja na moja ya kuazima kutoka kundi la kulia. Makundi yanapandana kwa biti moja, na biti hiyo inasomwa mara mbili: kundi lake huisoma kama deni, kundi la kushoto huisoma kama malipo. Tukiziita biti tatu `a`, `b` na `c`, kutoka kushoto kwenda kulia, tarakimu mpya ni

```
d = -2a + b + c
```

Michanganyiko yote ni minane tu:

```
abc    d
000    0
001   +1
010   +1
011   +2
100   -2
101   -1
110   -1
111    0
```

Tarakimu mpya ni tano: -2, -1, 0, +1 na +2. Hakuna tatu popote. Kila moja hupatikana kwa kusogeza, kugeuza alama, au kuandika sifuri. Na kwa kuwa hakuna kundi linalomsubiri mwenzake, makundi yote ya kizidishi cha biti 64 husomwa kwa wakati mmoja.

Tufanye hesabu moja hadi mwisho: 23 mara 115, kwa biti 8. Namba 115 kwa biti ni `01110011`. Upande wa kulia kabisa hakuna jirani wa kuazimwa biti, kwa hiyo tunaweka sifuri ya kubuni. Kundi la kwanza linasoma `110`, ambayo kwenye jedwali ni -1. La pili linasoma biti ya nne, ya tatu na ya pili kutoka kulia: `001`, yaani +1. La tatu ni `110`, yaani -1. La nne ni `011`, yaani +2. Uzito wa makundi ni 1, 4, 16 na 64, kwa hiyo tumeandika 115 kama -1 + 4 - 16 + 128. Jumlisha uone, ni 115 kweli.

Sasa mistari. Badala ya minane tuna minne: -23, halafu 23 iliyosogezwa hadi kuwa 92, halafu -368, halafu 46 iliyosogezwa hadi kuwa 2944. Kwa biti 16, namba hasi zikiandikwa kwa desturi ya kompyuta, yaani kugeuza kila biti kisha kuongeza 1, inaonekana hivi:

```
1111111111101001     -23
0000000001011100     +92
1111111010010000    -368
0000101110000000   +2944
----------------
0000101001010101    2645
```

Na 23 mara 115 ni 2645. Kile kinachomwagika nje ya biti ya kumi na sita upande wa kushoto hutupwa, kama ilivyo desturi ya namba hasi katika kompyuta.

Mtu makini atasema kwamba `01110011` ina moja tano tu, kwa hiyo njia ya zamani ingekuwa na mistari mitano yenye kitu, na tumeokoa mmoja tu. Ni kweli kwa mtu mwenye kalamu. Lakini saketi hujengwa kabla ya namba kufika. Haijui kizidishi kitakuwa na moja ngapi, kwa hiyo lazima iwe na vijumlishi vya mistari yote minane hata kama mitatu itakuwa sifuri. Njia ya biti tatu tatu inaahidi minne, kwa namba yoyote ile.

Ahadi hiyo ya idadi isiyobadilika ndiyo iliyokosekana katika njia iliyotangulia. Mwingereza Andrew Donald Booth alikuwa katika Chuo cha Birkbeck, London, ambako hesabu ndefu za maumbile ya fuwele zilikuwa zikiwashughulisha watafiti. Mwaka 1951 alichapisha njia ya kuzidisha namba chanya na hasi kwa kutazama biti mbili zilizo jirani. Mfululizo wa moja unapoanza unatoa, unapokwisha unajumlisha, na katikati yake unasogeza tu bila kujumlisha chochote. Kizidishi `01111110` kinahitaji kutoa kumoja na kujumlisha kumoja. Ila kwa kizidishi kama `01010101`, ambacho kila moja imekaa peke yake, njia hiyo huanza na kuishia katika kila biti: inatoa, inajumlisha, inatoa, inajumlisha, mara nane, wakati njia ya shule ingejumlisha mara nne tu. Katika mashine inayofanya hatua moja baada ya nyingine, hilo humaanisha kwamba muda wa kuzidisha hutegemea namba ulizoipa. Mwaka 1961 O. L. MacSorley wa IBM, katika makala yake kuhusu hesabu za kasi kwenye kompyuta, alieleza utaratibu wa makundi ya biti tatu yanayopandana. Jina la Booth limebaki kwenye njia zote mbili, na ya pili huitwa Booth iliyorekebishwa. Binafsi naona MacSorley amepunjwa, maana wanachojenga wahandisi wengi leo ni ile ya kwake.

Zawadi moja inakuja bila kuombwa. Kundi la juu kabisa, kwa kuhesabu biti yake ya juu kama -2, linafanya hasa kile ambacho desturi ya namba hasi inataka, kwani katika desturi hiyo biti ya mwisho kushoto hubeba uzito hasi. Chukua `10110101`. Makundi yake, kutoka kulia, hutoa +1, +1, -1 na -1, ambayo ni 1 + 4 - 16 - 64 = -75. Namba hiyo, ikisomwa kama namba yenye alama, ni -75 kweli. Hukuhitaji sheria ya pekee kwa namba hasi.

Bei yake inaonekana pale namba isipokuwa na alama. Biti zilezile `10110101`, zikikusudiwa kuwa namba chanya tu, ni 181. Kundi la mwisho limempasia jirani 1, na jirani hayupo. Inabidi kuongeza sifuri mbili upande wa kushoto na kundi la tano, `001`, ambalo hutoa +1 yenye uzito wa 256. Ukijumlisha -75 na 256 unapata 181. Ndiyo maana saketi ya biti 64 isiyo na alama huwa na mistari 33, si 32, na anayesahau mstari huo wa mwisho huona majibu sahihi kwa namba ndogo na majibu ya ovyo punde biti ya juu inapowaka.

Kosa hilo ni rahisi kulinasa. Yapo mengine mawili yenye ujanja zaidi, na yote yanatokana na kugeuza alama. Saketi haiandiki -23 kwa mkupuo. Inageuza biti za 23, na ile 1 ya kuongezea inaiacha iingie kwenye rundo kama biti ya pekee, mahali ambapo mstari huo unaanzia. Ni busara, kwa sababu kuiongeza papo hapo kungeanzisha tena safari ya kuchukua.

Sasa angalia kundi `111`. Jibu lake ni sifuri, lakini biti yake ya juu ni 1, na msanifu aliyeamua kwamba biti ya juu ndiyo ishara ya kugeuza atageuza sifuri kuwa mstari wa moja tupu. Hakuna ubaya, mradi na ile 1 ya pekee iongezwe. Vyote viwili pamoja hurudi kuwa sifuri. Ubaya huja pale sehemu moja ya saketi inaponena `111` ni hasi na nyingine inanena ni sifuri tu. Biti zikigeuzwa na 1 isipoongezwa, kila kundi la `111` hupunguza uzito wake kwenye jibu. Njia ya kulitambua kosa hili ni kuzidisha kwa -1, ambayo kwa biti 8 ni `11111111`. Makundi yake ni `110` moja na `111` tatu. Makosa yatakuwa 4, 16 na 64, jumla 84. Ukizidisha 0 kwa -1 na mashine ikajibu -84, huna haja ya kutafuta zaidi. Ikijibu 84 chanya, ni kosa lilelile upande wa pili: 1 imeongezwa na biti hazikugeuzwa.

La pili limejificha zaidi. Mstari wa biti 8 ukizidishwa kwa mbili unahitaji biti 9, na msanifu mzuri anaziweka 9. Lakini -128 mara -2 ni +256, namba ambayo haiingii katika biti 9 zenye alama. Kikomo chake ni 255. Kama saketi inageuza biti tu na kuacha 1 ijiunge baadaye, mambo huwa salama: -256 ikigeuzwa biti inakuwa 255, inaingia, na 1 ikifika kwenye rundo inakamilisha 256. Kama mtu ameamua kurahisisha na kuongeza 1 palepale ndani ya biti 9, jibu linapinduka na kuwa -256. Hapo -128 mara -128, ambayo ni 16384, inatoka kama -16384.

Uhatari wa kosa hili uko katika uchache wake. Hutokea kwa kizidishwa kimoja tu, kile kidogo kuliko vyote, na tena kundi la kizidishi liwe `100`. Kwa biti 8 unaweza kujaribu mazidisho yote, ambayo ni 65,536, na kompyuta huyamaliza mara moja. Kwa biti 64 hakuna wa kuyajaribu yote, na ukichagua namba kwa kubahatisha hutaigusa ile moja katika maisha yako. Kwa hiyo majaribio ya saketi ya aina hii huandikwa kwa makusudi: namba ndogo kabisa kwa yenyewe, namba ndogo kabisa kwa -1, -1 kwa -1, sifuri kwa kila moja ya hizo, na vizidishi vya moja na sifuri zinazopishana.

Je, nusu ya mistari ni nusu ya muda? Hapana, na hapa sifa za njia hii huwa zinatiwa chumvi. Mistari mingi haijumlishwi mmoja baada ya mwingine. Tangu Chris Wallace alipoeleza mpangilio wake mwaka 1964, wahandisi huichukua mitatu mitatu na kuifanya miwili, kwa ngazi, na kila ngazi hufanya kazi yake yote kwa pamoja. Mistari 64 hushuka hadi miwili kwa ngazi 10. Mistari 33 huchukua ngazi 8. Umeokoa ngazi mbili, lakini kabla ya hapo umetumia muda kusoma makundi na kuchagua tarakimu kati ya tano, na muda huo unakula sehemu ya akiba. Kwa namba za biti 8 akiba inaweza kumalizika yote.

Faida iliyo wazi zaidi ni nafasi na umeme. Kupunguza mistari 64 hadi miwili kunahitaji vijumlishi 62 hivi kwa kila safu iliyojaa. Mistari 33 inahitaji 31. Ni nusu ya vijumlishi pamoja na nyaya zake, na katika chipu nyaya zina gharama sawa na vitu vingine. Namba zenye desimali za aina inayotumika sana, zile za biti 64 zenye biti 53 za tarakimu, hushuka kutoka mistari 53 hadi 27.

Swali la mwisho hujitokeza lenyewe: kama biti mbili zimeleta nusu, kwa nini zisiwe tatu, na makundi ya nne yanayopandana? Inawezekana, na mistari 64 inakuwa 22. Lakini tarakimu zake zinaanzia -4 hadi +4, na kati yake imo 3, ile iliyotukimbiza mwanzoni, na safari hii haina pa kufichwa. Lazima mara tatu ya kizidishwa ikokotolewe kwanza kwa kijumlishi kamili, na mistari yote isubiri. Wapo wasanifu wanaokubali kulipa, hasa wakipata kazi nyingine ya kufanya wakati wa kusubiri. Asiye na nafasi hiyo hubaki kwenye biti tatu.